Ni au nik? Njia mbili za kukagua alama ya -k katika wasifu mfupi wa Kibaski

Amina (si jina lake halisi) alinijia na karatasi moja yenye sentensi kumi na moja. Anasoma Kibaski jioni kwenye euskaltegi, yaani shule ya watu wazima, mjini Donostia, mji ambao kwa Kihispania unaitwa San Sebastián. Darasa lao lilikuwa likiandaa kijarida, na kila mwanafunzi alitakiwa aandike wasifu wake mfupi: ametoka wapi, anafanya nini, anapenda nini. Alichoandika ni hiki, neno kwa neno:

"Ni Amina naiz. Tangan jaio nintzen. Ni 29 urte ditut. Nik 2019an Donostiara etorri nintzen. Nik jatetxe batean lan egiten dut. Nire gurasoak denda txiki bat dute Tangan. Nire amak arropak josten ditu. Ni bi neba ditut. Nik euskara ikasten ari naiz. Nik igandeetan Zurriolan ibiltzen naiz. Ni lau hizkuntza dakizkit."

Kwa Kiswahili: mimi ni Amina, nilizaliwa Tanga, nina miaka 29, nilikuja Donostia mwaka 2019, nafanya kazi mgahawani, wazazi wangu wana duka dogo Tanga, mama yangu anashona nguo, nina kaka wawili, najifunza Kibaski, Jumapili huwa natembea ufuo wa Zurriola, najua lugha nne. Msamiati ni sahihi, vitenzi ni sahihi, hata mpangilio wa maneno unapita. Lakini sentensi saba kati ya kumi na moja zina kosa, na ni kosa moja linalojirudia: herufi k imewekwa isipotakiwa, au imeachwa inapotakiwa.

Nilimuuliza aliamuaje. Akanijibu, "Kaka, mbona rahisi. Nikifanya kitu mwenyewe naweka k. Kama sijafanya kitu siweki." Ukizipitia sentensi zake utaona hakukosea ovyo. Alishika kanuni hiyo tangu mwanzo mpaka mwisho, na kanuni yenyewe ndiyo iliyomwangusha. Njia aliyoitumia, ya kuuliza maana, nitaiweka hapa kando ya njia nyingine, ya kukitazama kitenzi, ili anayeandika wasifu kama huu aone ipi inamfaa.

Kwanza k yenyewe. Kibaski kina alama inayobandikwa mwishoni mwa nomino au kiwakilishi kuonyesha kwamba huyo ndiye anayekitenda kitendo kinachomfikia mwingine au kitu kingine. Wanaisimu huiita hali ya ergativu. Madarasani wanaita NORK, na ile isiyo na alama wanaita NOR. Yote mawili ni maneno ya kuulizia "nani": "Nor da?" ni "Ni nani?", na "Nork daki?" ni "Nani anajua?" Hata neno la kuuliza linabeba k yake. Kwa nafsi ya kwanza ni "ni" na "nik", kwa nafsi ya pili ni "zu" na "zuk", na jina Amina linakuwa "Amina" au "Aminak".

Sisi tunaotumia Kiswahili hatuna alama ya namna hii kwenye nomino, lakini kitenzi chetu kinafanya kazi inayofanana. Tukisema "amekuja" na "amemwona", kiambishi a- kinasimama kwa aliyekuja na pia kwa aliyeona. Anayeonekana ana kiambishi chake, -m-. Kwetu, mwenye kuja na mwenye kuona wako kundi moja. Kibaski kinapanga vingine: mwenye kuja yuko kundi moja na mwenye kuonwa, na mwenye kuona anasimama peke yake na k yake. "Ni etorri naiz" ni "mimi nimekuja". "Amak ni maite nau" ni "mama ananipenda mimi". Katika sentensi zote mbili "ni" haina k, ingawa katika ya kwanza ni kiima na katika ya pili ni yambwa. Mwenye k ni mama, "amak", kwa kuwa yeye ndiye anayependa.

Ukishaelewa hivyo, inashawishi kusema: basi mtendaji ana k, asiyetenda hana. Hapo ndipo Amina aliposimama.

Njia yake ina sifa moja nzuri. Ni nyepesi kuikumbuka, na kwa vitenzi vya mikono na macho haikosei sana. Kushona, kuuza, kupika, kusoma kitabu, kuandika barua: vyote vina mtu anayefanya na kitu kinachofanywa, na vyote vinataka k. Ndiyo maana "Nire amak arropak josten ditu" aliipata bila taabu. Mama anashona, nguo zinashonwa, k inakaa kwa mama.

Shida inaanza mtu anapofanya jambo ambalo halimfikii mwingine. Kuja, kwenda na kutembea ni vitendo, na mtu anavifanya kwa hiari yake na kwa miguu yake mwenyewe. Ukiuliza "nani kafanya?" jibu ni "mimi". Lakini katika Kibaski "etorri", "joan" na "ibili" ni vitenzi vya NOR, havina k. Shida ya pili ni kinyume chake: mambo ambayo hayana kitendo chochote lakini yanataka k. Kuwa na miaka 29 si kazi ya mtu. Kuwa na kaka wawili vilevile. Kujua lugha nne kunakaa kichwani tu. Hata hivyo Kibaski kinasema umri kwa kitenzi cha kuwa na kitu, "29 urte ditut", na mwenye kitu ana k sawasawa na mwenye kushona nguo. Kiswahili kinaongeza mtego hapa, maana "nina" yetu ni "ni na", mtu yuko pamoja na kitu, na haina sura ya kitenzi cha kutenda hata kidogo. Masikio yetu hayasikii kabisa kwamba "nina miaka 29" ni sentensi yenye mtendaji.

Njia ya pili haiulizi maana. Inakwenda mwisho wa sentensi, inakitazama kitenzi, kisha inarudi mwanzoni kuweka au kuondoa k. Kitenzi cha Kibaski, hasa kile kisaidizi, kimebeba ndani yake habari za nani na nani, kama "nilimwona" yetu ilivyobeba ni- na -m-. Kwa wakati uliopo nafsi ya kwanza ina dalili mbili zinazoonekana kwa macho. Kitenzi kikianza na n- na kisiishie na -t, kama "naiz", "nago" au "noa", unahitaji "ni". Kikiishia na -t, kama "dut", "ditut", "daukat" au "dakizkit", hiyo -t ndiyo mimi mtendaji, na unahitaji "nik". Kwa mtu wa tatu, "da" na "dira" hazina k, "du" na "ditu" zinataka k ya umoja, "dute" na "dituzte" zinataka k ya wingi.

Nilimwandikia Amina pembeni mwa karatasi yake hivi, sentensi tano tu, ili aone njia hizi zinapoachana:

| Sentensi bila kiwakilishi | "Nani kafanya?" | Kitenzi kinasema |
|---|---|---|
| 29 urte ditut | hakuna kitendo: ni | -t mwishoni: nik |
| Donostiara etorri nintzen | nimesafiri mwenyewe: nik | nintzen: ni |
| jatetxe batean lan egiten dut | nafanya kazi: nik | -t mwishoni: nik |
| euskara ikasten ari naiz | najifunza: nik | naiz: ni |
| lau hizkuntza dakizkit | hakuna kitendo: ni | -t mwishoni: nik |

Safu ya mwisho ndiyo sahihi kote. Njia ya maana ilipata moja kati ya tano.

Sentensi ya nne inastahili kukaliwa, kwa sababu inawaangusha hata walio mbele sana masomoni. Linganisha hizi mbili:

"Nik euskara ikasten dut."
"Ni euskara ikasten ari naiz."

Zote zinasema najifunza Kibaski. Ya kwanza inaeleza jambo ninalolifanya kwa kawaida, ya pili inaeleza jambo lililomo njiani sasa hivi. Mtu ni yuleyule, kitendo ni kilekile, na kitu kinachosomwa, "euskara", kipo katika zote mbili. Ukiuliza maana huwezi kupata sababu ya moja kuwa na k na nyingine kukosa. Sababu iko katika "ari". Hilo ndilo kitenzi kikuu cha sentensi ya pili, na maana yake ni kuwa katika shughuli fulani. "Euskara ikasten" limekuwa jina la shughuli yenyewe. Ukitaka kuisikia kwa Kiswahili, sema "nimo katika kujifunza Kibaski". Yambwa "Kibaski" ni mali ya "kujifunza", na mimi ni mtu niliyemo tu. Mwenye kuwamo mahali ni NOR, hana k. Ndivyo ilivyo pia kwa "hasi", kuanza, katika sentensi ambayo karibu kila mwanafunzi huiandika: "euskara ikasten hasi nintzen", nilianza kujifunza Kibaski. Hapo ni "ni".

"Nahi", kutaka, inakwenda upande wa pili. "Joan" peke yake ni kitenzi cha NOR: "Ni Tangara joan naiz", nimekwenda Tanga. Ukisema unataka kwenda, inakuwa "Nik Tangara joan nahi dut". Kwenda hakujabadilika, lakini aliyeshika usukani sasa ni "nahi", na utashi ni kitu ambacho mtu anacho. Anayetazama "joan" ataandika "ni". Anayetazama "dut" ataandika "nik", na atakuwa sahihi bila hata kujua maelezo haya yote. Kwa mtu anayekagua maandishi yake saa nne usiku baada ya kazi, hiyo ni nafuu kubwa.

Lakini njia ya kitenzi nayo ina mahali inapofeli, na ni vizuri kupajua kabla hujaitegemea.

Pa kwanza ni wakati uliopita. Ile dalili ya n- mwanzoni inakufa hapo. "Nintzen" inaanza na n-, na "nuen" inaanza na n-. Ya kwanza inataka "ni", ya pili inataka "nik": "Ni etorri nintzen", nilikuja, "Nik denda bat nuen", nilikuwa na duka. Katika "nuen" ile -t ya mtendaji haipo tena, nafsi ya kwanza imehamia mbele. Kwa mtu wa tatu hatari ni kubwa zaidi kwa sababu "zen" na "zuen" zinapishana kwa herufi moja tu, na jicho lililochoka huruka hiyo u. Hapa hakuna ujanja wa kutazama mwanzo au mwisho. Inabidi kuzijua sura zenyewe, nazo kwa wasifu mfupi ni chache: "nintzen", "zen" na "ziren" kwa NOR, "nuen", "zuen" na "zuten" kwa NORK, pamoja na za vitu vingi, "nituen", "zituen" na "zituzten". Ukiandika wasifu unazihitaji hizo tu.

Pa pili ni "zait". "Musika gustatzen zait", napenda muziki. Inaishia na -t, na aliyekariri kwamba -t ni "nik" ataandika "Nik musika gustatzen zait". Si sahihi. Hiyo -t ni ya anayepokea, kama "muziki unanipendeza", na kiwakilishi chake ni "niri". Wengi huiandika katika wasifu kwa kuwa kila mtu ana kitu anachopenda, kwa hiyo ikumbuke peke yake.

Pa tatu ndipo pazito zaidi. Njia hii inadhani kitenzi kisaidizi ulichoandika ni sahihi. Kama umeandika "Ni jatetxe batean lan egiten naiz", ukaguzi utakuambia kila kitu kimepatana, maana "ni" na "naiz" ni ndugu. Kumbe sentensi nzima imeharibika. "Lan egin" ni "kufanya kazi", na kwa kuwa ndani yake kuna "egin", kufanya, inachukua "dut" siku zote. Ndivyo zilivyo pia "hitz egin", kuzungumza. "Lo egin", kulala. "Barre egin", kucheka. "Korrika egin", kukimbia. Kwa Kibaski anayelala "anafanya usingizi", na ana k: "Nik ondo lo egin dut", nimelala vizuri. Hata "bazkaldu", kula chakula cha mchana, ina "dut" bila kutaja chakula chochote. Kosa la aina hii halionekani kwa kulinganisha mwanzo na mwisho. Linaonekana tu ukikijua kitenzi. Kamusi za Kibaski husaidia, maana kando ya kitenzi huandikwa "da" au "du" kuonyesha kisaidizi chake, au vyote viwili kwa vile vinavyokwenda njia zote. Mimi daftarini siandiki "etorri: kuja". Naandika "etorri naiz: nimekuja" na "lo egin dut: nimelala". Kitenzi na kisaidizi chake nimevijua kama neno moja, na kosa hili limenitoka.

Turudi kwenye karatasi, maana bado kuna sentensi ya wazazi. "Nire gurasoak denda txiki bat dute." Amina aliona "gurasoak" inaishia na k akadhani ameshaiweka. Na kwa kanuni yake hata haikuhitajika, kwani kumiliki duka si kutenda. Lakini ile -ak si k ya mtendaji. Kwa nomino za kawaida, -ak inafanya kazi mbili: ni wingi usio na alama ("gurasoak", wazazi, NOR) na ni umoja wenye alama ("amak", mama, NORK). Wingi wenye alama ni -ek: "gurasoek". Kwa hiyo sentensi sahihi ni "Nire gurasoek denda txiki bat dute Tangan", na kilichobadilika ni irabu moja.

Sasa tazama sentensi ya mama: "Nire amak arropak josten ditu." Kuna -ak mbili, moja ya mama mmoja anayeshona, nyingine ya nguo nyingi zinazoshonwa. Anayezitenganisha ni kitenzi. Katika "ditu", -it- inasema kinachotendwa ni vingi, na kukosekana kwa -zte mwishoni kunasema mtendaji ni mmoja. Nguo ni nyingi, mama ni mmoja, basi hakuna utata. Kama mashangazi nao wangekuwa wanashona, ingekuwa "izebek arropak josten dituzte", na hapo -ek mwanzoni na -zte mwishoni zinashikana mkono.

Kuna hali ambapo irabu hiyo moja inageuza habari nzima. "Nire lagunak gurasoak ikusi ditu": rafiki yangu amewaona wazazi. "Nire lagunak gurasoek ikusi dituzte": wazazi wamewaona rafiki zangu. Kikagua tahajia cha kompyuta hakiwezi kutegemewa hapa, kwa sababu "gurasoak" na "gurasoek" yote ni maneno sahihi. Ni jicho lako tu, na jicho lianze na kitenzi.

Amina aliniambia kwamba amewahi kumsikia mzee mmoja akisema -ak mahali ambapo mimi namwambia aandike -ek. Inawezekana kabisa. Katika usemi wa baadhi ya sehemu, hasa upande wa magharibi wa nchi ya Wabaski, wingi wenye alama nao husemwa -ak. Hiyo si lugha mbovu, ni lahaja yao. Lakini kijarida cha darasa kinaandikwa kwa euskara batua, lugha sanifu ambayo misingi yake iliwekwa na Euskaltzaindia, chuo cha lugha ya Kibaski, kwenye mkutano wa Arantzazu mwaka 1968, na usanifu ulichagua -ek. Ni sawa na sisi tunavyozungumza Kimvita au Kiunguja nyumbani na kuandika sanifu gazetini.

Kuna swali lingine la kuchagua ambalo wengi hawalifikirii: uandike wasifu kwa nafsi ya kwanza au kwa kutumia jina lako? Vijarida vingine hutaka "Amina Tangan jaio zen", Amina alizaliwa Tanga. Inaonekana rasmi na nzuri. Kwa upande wa k, hata hivyo, ni mzigo.

Kwa nafsi ya kwanza kitenzi kinabeba kila kitu, na kiwakilishi hakihitajiki. "29 urte ditut" imekamilika; -t imeshasema ni mimi. Sisi hatuandiki "mimi nina, mimi nilikuja, mimi nafanya" katika barua, maana msomaji angedhani tunagombana na mtu. Kibaski ni vivyo hivyo: "ni" na "nik" zikirudiwa kila sentensi zinatia mkazo usiokusudiwa. Nilichukua kalamu nikafuta viwakilishi vyote katika karatasi ya Amina. Makosa sita kati ya saba yakatoweka hapo hapo, likabaki moja la wazazi.

Kwa nafsi ya tatu jina halifutiki kirahisi hivyo. Sentensi ya kwanza ina "Amina" bila k kwa ajili ya "jaio zen", zinazofuata zinaweza kwenda bila jina, lakini ukishamtaja mama na mashono yake, "bi neba ditu" haijulikani tena ni kaka za nani, za Amina au za mama. Inabidi jina lirudi, na likirudi linakuja na uamuzi wa k: "Aminak bi neba ditu". Jina lenyewe linaweza kuwa na ugumu wake. Amina na Juma yanaishia na irabu na yanapokea -k tu. Salim linaishia na konsonanti na linapokea -ek, "Salimek". Wanafunzi huandika "Salimak", kwa kuiga "amak", lakini ile a ni kibainishi cha nomino za kawaida na majina ya watu hayaichukui. Na jina likiwa la maneno mawili, alama inakaa kwenye la mwisho peke yake: "Amina Jumak".

Kwa hiyo kama mwalimu hajalazimisha, mimi ningechagua nafsi ya kwanza bila viwakilishi, kisha kukagua nomino zilizobaki kwa njia ya kitenzi. Njia ya maana ningeiacha kabisa kwa kazi hii. Inafaa siku ya kwanza ya kuelezwa k ni nini, na baada ya hapo inakupoteza zaidi kuliko inavyokuongoza.

Lakini kuna mahali pamoja kiwakilishi kinastahili kubaki, nacho ni pale unapolinganisha. Amina alitaka kusema kwamba kaka zake wanafanya kazi Tanga na yeye anafanya Donostia. (Neno "neba" alilotumia ni kaka wa mwanamke, kaka wa mwanamume ni "anaia". Alifurahi alipolijua hilo, na alilipata sawa.) Tukaandika: "Nire nebek Tangan lan egiten dute, nik, Donostian." Kitenzi cha nusu ya pili kimeachwa, lakini k yake imebaki kwenye "nik", kwa sababu "lan egin" bado inasikika chini kwa chini. Angeandika "ni" msomaji angejikwaa.

Wasifu ulikwenda kwenye kijarida hivi:

"Amina naiz. Tangan jaio nintzen. 29 urte ditut eta 2019an etorri nintzen Donostiara. Nire gurasoek denda txiki bat dute Tangan, eta nire amak arropak josten ditu. Bi neba ditut. Nire nebek Tangan lan egiten dute. Nik, Donostian, jatetxe batean. Euskara ikasten ari naiz. Igandeetan Zurriolan ibiltzen naiz. Lau hizkuntza dakizkit."

Ukihesabu, mahali pa kuamua k pamebaki pane tu: gurasoek, amak, nebek na nik.

Wiki iliyofuata aliniambia kwamba darasani walisomeana wasifu zao kwa sauti, kisha wakaulizana. Mwenzake mmoja alisema, "Nik bi anaia ditut, eta zuk?", mimi nina kaka wawili, na wewe? Amina akajibu, "Nik ere bai", mimi pia. Mwingine akasema, "Ni igandeetan hondartzan ibiltzen naiz, eta zu?", mimi Jumapili huwa natembea ufukweni, na wewe? Akanyamaza kidogo, akaisikiliza tena ile "naiz" kichwani, akajibu, "Ni ere bai."